Wakunga Wasiotokea

Mama Ushahidi hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa. Ukimwambia nje kunanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani. Wafanyakazi wa hospitali ndio waliompachika jina hilo, yeye alijifanya halijui, na moyoni lilimpendeza. Ofisi yake ya ajira ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, na kila karatasi iliyopanda pale ilifika ikinukia dawa kidogo, ikapigwa mihuri miwili: wa kwanza kuonyesha imepokelewa, wa pili kuonyesha imesomwa.

Sasa kulikuwa na jambo linalomnyima raha, nalo ni wakunga.

Wodi ya wazazi ilikuwa ikipokea akina mama wengi wanaozungumza Kifaransa na hawana lugha nyingine. Mkunga anasema sukuma, mama anadhani ameambiwa apumue. Mama analalamika mgongo, mkunga anamletea maji ya kunywa. Metroni alikuwa amechoka kuongea kwa vidole. Mganga Mkuu akaagiza waajiriwe wakunga wawili wanaoijua lugha hiyo, tangazo likatoka, na maombi ya Kifaransa yakamiminika, watu wenye vyeti safi na uzoefu wa miaka. Jopo likachagua watatu. Wakapigiwa simu, hata mmoja hakukubali kuja; siku ya usaili viti vitatu vikabaki vitupu, na Metroni akanywa chai ya wageni peke yake. Jopo likachagua wengine watatu. Nao wasitokee.

Cha ajabu ni kwamba walioomba kazi kwa Kiswahili, wawe wauguzi, madereva au watu wa maabara, walikuwa wanafika wote, tena wengine kabla mlinzi hajafungua geti. Ni hawa wa Kifaransa tu waliokuwa wakiyeyuka.

Na maombi ya Kifaransa yalipitia mikono ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa karani wa mkataba, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hospitali nzima ilimwita Bonjuu. Kazi yake ilikuwa hivi: maombi yakiingia kwa barua pepe, anayachapisha, anayapiga muhuri, kisha anamjibu mwombaji kuwa yamepokelewa na kumweleza kinachofuata. Aliyeandika kwa Kiswahili anajibiwa kwa Kiswahili, aliyeandika kwa Kifaransa anajibiwa kwa Kifaransa. Jopo likishachagua, Bonjuu ndiye anayewapigia simu waliochaguliwa. Kipindi chake cha majaribio kilikuwa kinakwisha. Ijumaa ile Mama Ushahidi alitakiwa kupeleka kwa Mganga Mkuu neno moja kati ya mawili: binti athibitishwe kazini, au aende zake.

Mama Ushahidi alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi. Mtu unayempenda anaweza kukufanya mjinga mchana kweupe. Kwa hiyo akaanza kumtazama vizuri.

Alimtazama anapopiga simu. Bonjuu aligeukia ukutani, akaongea kwa upole, akasikiliza, akasema maneno mawili matatu yanayofanana na kuomba radhi, akakata.

"Vipi huyo?" Mama Ushahidi akauliza.

"Ameshaanza kazi kwingine, mama."

"Na wa jana?"

"Naye hivyo hivyo."

"Na yule wa juzi naye alishaanza kazi kwingine?"

"Ndiyo, mama."

Jibu moja, watu watatu. Kama wangetoa visingizio tofauti, mmoja mgonjwa, mwingine kafiwa, Mama Ushahidi angeshawishika kidogo. Lakini jibu moja kwa wote lilimkaa kooni. Mchana, Bonjuu alipotoka kwenda kula, akachukua namba ya mmoja wa wale wakunga akapiga mwenyewe. Sauti ya kike ikapokea kwa Kifaransa, ikauliza kitu, ikauliza tena. Mama Ushahidi akasema "Haloo" mara tatu, akakata, akafuta jasho. Hakumwambia mtu.

Kisha akaja Metroni na lake. Metroni alikuwa mwanamke mpana asiyejua kunong'ona, lakini siku hiyo alijitahidi. Aliufunga mlango kwa kisigino.

"Bibie, unajua huyu Bonjuu wako ana dada?"

"Kila mtu ana dada."

"Dada yake ni mkunga. Nasikia yuko kwenye kile kiduka cha zahanati karibu na stendi, na anatafuta kazi. Na Kifaransa anakitema kama maji."

Metroni alipoondoka, Mama Ushahidi alilivuta jalada la maombi ya Kifaransa akapekua moja moja, akitazama majina ya ukoo. Akaliona. Dada mtu alikuwa ameomba, mapema tu, na barua yake ina mihuri yote miwili. Mwandiko wa tarehe kando ya muhuri ulikuwa wa Bonjuu mwenyewe. Binti alikuwa amempokelea dada yake maombi ya kazi na hakumwambia bosi wake hata nusu neno.

Sasa hesabu yote ilikaa sawa kichwani mwake. Bonjuu anawajibu wengine kwa Kifaransa kitu ambacho bosi wake hawezi kukisoma, anawakatisha tamaa, wanakwenda zao, na njia inabaki nyeupe kwa dada. Mama Ushahidi alikumbuka pia kwamba wiki chache nyuma binti alikuja mezani kwake na ile barua ya Kifaransa ya kuwajibu waombaji mkononi, akasema kuna sentensi moja angependa wairekebishe. Yeye akamkatiza papo hapo: barua za hospitali hazibadilishwi na karani, ile imeletwa na Mganga Mkuu mwenyewe kutoka hospitali aliyofanyia kazi zamani, na ina muhuri. Bonjuu akasema "Sawa, mama," akarudi kwenye kiti chake. Wakati ule alimwona mtiifu. Sasa akaona ni mtu aliyejaribu mlango mmoja, akaukuta umefungwa, akapitia dirishani.

Jioni ile aliandika barua ya kumkatalia Bonjuu kuthibitishwa. Aliiandika kwa mkono wake, mistari michache isiyo na maelezo, akaitia kwenye droo na kugeuza ufunguo. Lakini Mama Ushahidi ni Mama Ushahidi. Hawezi kumfukuza mtu kwa kuhisi tu. Alitaka amshike na kitu mkononi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amefundisha Kifaransa shule za sekondari hadi alipostaafu, na siku hizi alikuwa anafuga kuku na kubishana na redio. Mama Ushahidi akamfuata nyumbani.

"Shemeji, nataka uniandikie barua ya kuomba kazi."

"Wewe? Kazi umechoka nayo hapo ulipo, unataka nyingine?"

"Ya ukunga. Kwa Kifaransa."

Shemeji akavua miwani akamtazama. "Shemeji yangu, wewe hata paka akizaa unatoka nje."

Akamweleza. Shemeji hakuupenda mpango ule hata kidogo; alisema kumtega mtu ni kazi ya polisi, na hata polisi huwa wanaona haya. Lakini shemeji hakatai ombi la mke wa kaka yake. Akamtungia mkunga mmoja mzuri sana, mwenye uzoefu wodini na jina la kubuni, na wakayatuma maombi kwa anwani mpya waliyoifungua kwenye simu ya pili ya Mama Ushahidi, ile ya mambo ya nyumbani. Simu hiyo mjukuu wake alikuwa ameiwekea mlio wa jogoo kwa kila barua pepe inayoingia, na yeye hakujua kuutoa.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, kabla hata chai ya saa nne haijamiminwa. Bahati nzuri alikuwa ngazini akitoka wodi ya wazazi jogoo alipowika. Akajibanza ukutani, akafungua. Maneno yote ya Kifaransa. Aliona *Madame* mwanzoni, akaona *sage-femme*, ambalo alikuwa ameshajua kuwa ni mkunga, na akaona mwisho mrefu wenye adabu kama hotuba. Haya ndiyo hayo, akajiambia. Sasa tungoje la pili.

Maana aliamini lipo la pili. Barua ya kwanza itakuwa ya kuonyesha watu, halafu utafuata ujumbe wa pembeni, wa kumwambia mkunga asijisumbue. Akangoja. Kila jogoo alipowika alishtuka: mara ni duka la viatu linatangaza punguzo, mara ni benki. Bonjuu hakuandika tena kitu. Alikuja kazini, akapiga mihuri yake, akamwuliza Mama Ushahidi kama miguu inamuuma leo, maana alimwona anapanda ngazi polepole. Mama Ushahidi akajibu haimuumi. Upole wa binti ulimchoma zaidi. Aliuona ni ujanja uliokomaa.

Alhamisi, zikiwa zimebaki saa chache tu atoe neno lake, akaipeleka simu kwa shemeji.

"Nisomee. Neno kwa neno. Usiniwekee sukari."

Shemeji akavaa miwani, akasogea kwenye mwanga wa mlango. "Kichwa cha habari: kupokelewa kwa maombi, nafasi ya mkunga. Bibi. Tunakiri kupokea maombi yako ya nafasi hiyo, na tunakushukuru kwa kuvutiwa na hospitali yetu. Jalada lako linapitiwa sasa. Ikiwa sifa zako zitachaguliwa, tutawasiliana nawe kwa ajili ya usaili." Akanyamaza kidogo. "Barua safi. Ningekuwa bado nafundisha ningempa alama nzuri."

"Endelea."

"Usipopata jibu kutoka kwetu ndani ya wiki tatu, tafadhali hesabu kuwa maombi yako hayakukubaliwa. Kisha salamu za heshima, zile ndefu. Basi."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Hakuna. Ni barua ya kawaida kabisa ya Kifaransa. Hata hiyo ya wiki tatu wanaiweka sana, ili mtu asikae anasubiri bure."

Mama Ushahidi akakaa kwenye kigoda cha kulishia kuku. Alikuwa amekuja kuchukua kisu, amepewa kijiko.

"Ila niambie," shemeji akasema huku akimrudishia simu, "ninyi huwa mnachukua muda gani kuwaita watu?"

"Inategemea. Jopo ni Mganga Mkuu, Metroni na mimi, na Mganga Mkuu anasafiri. Mwezi. Mwezi na nusu."

"Na barua ya Kiswahili inasema wiki ngapi?"

"Haisemi wiki. Inasema mwombaji atajulishwa jopo litakapokaa."

Shemeji alichukua punje za mahindi akazirusha kwa kuku, akamwacha afike kwenye jibu mwenyewe.

Akafika. Mkunga mwenye akili zake anaambiwa ndani ya wiki tatu kimya maana yake hapana. Wiki tatu zinapita, kimya. Anahesabu amekataliwa, anatafuta kwingine, anapata, maana wakunga wazuri hawakai. Halafu baada ya mwezi na nusu simu inalia: njoo kwenye usaili. Atajibu nini, kama si kwamba ameshaanza kazi kwingine? Wote wangejibu hivyo hivyo. Hospitali ndiyo iliyowafukuza, kwa heshima na salamu ndefu, kwa barua yenye muhuri.

Na muhuri ule ni wake. Hapo ndipo Mama Ushahidi alipoona haya hadi masikio yakapata moto. Mganga Mkuu alipoileta ile barua alisema inasema yale yale ya Kiswahili, na yeye, ambaye haamini mvua mpaka imloweshe, aliigonga muhuri wa kusomwa bila kuisoma, kwa sababu alichelea kukiri mbele ya daktari kuwa hajui Kifaransa. Karatasi moja tu katika kazi yake yote. Binti alipokuja kumwambia kuna sentensi ya kurekebisha, alimrudisha kitini.

"Utafanyaje?" shemeji akauliza.

"Nitamthibitisha kesho asubuhi. Nitaibadilisha barua. Mengine hana haja ya kuyajua."

"Hana?"

"Shemeji, usinitie maneno mdomoni."

Ijumaa alifika kabla ya wote. Alifungua droo, akachana ile barua ya kukataa vipande vidogo vidogo, akavisukumia chini kabisa ya ndoo ya takataka, chini ya maganda ya machungwa ya jana. Akaandika nyingine, ya kumthibitisha, akaisaini, akaiweka mezani na kuifunika kwa kitabu. Bonjuu alipoingia na kusalimia, akamwita.

"Mwanangu, ile sentensi uliyotaka kuirekebisha, kwenye barua ya Kifaransa. Ni ipi?"

Bonjuu alimtazama kana kwamba anapima kama swali ni la kweli. "Ya wiki tatu, mama. Inawaambia wahesabu wamekataliwa. Na sisi hatujawahi kumaliza kwa wiki tatu."

"Kwa nini hukunisisitizia?"

"Ulisema barua hazibadilishwi na karani."

Mama Ushahidi akageukia jingine, kwa sauti aliyodhani ni ya kawaida. "Na dada yako? Niliona jina lake kwenye jalada. Naye ni mkunga mzuri. Hatukumwita."

"Hayupo tena mjini, mama. Alipata jibu kama wengine. Wiki tatu zilipoisha akachukua kazi ya mbali, ya mkataba wa miaka miwili." Bonjuu akanyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. "Aliniuliza asubiri au asisubiri."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asome barua. Ningemwambia asubiri, ningekuwa nimempa yeye kitu ambacho wengine sikuwapa. Na ningekuja kukwambia kuwa ni dada yangu siku ile ile nilipoleta ile barua. Ila hukunipa nafasi."

Mama Ushahidi alitamani amkumbatie, na alitamani ardhi ipasuke. Lakini ofisini mtu hushika kazi. "Haya. Kaa uandike upya. Toa wiki tatu. Waambie ukweli: jopo huchukua mwezi mmoja au zaidi kukaa, watajibiwa wote, waliochaguliwa na wasiochaguliwa, na wakipata kazi kwingine watuarifu. Halafu uwapelekee wote ambao maombi yao bado yapo, uwaombe radhi kwa ile ya kwanza."

Uso wa Bonjuu ukafunguka. Vidole vyake vikaanza kazi. Alimsomea bosi wake kwa Kiswahili kila sentensi kabla ya kuiacha, na safari hii Mama Ushahidi alisikiliza yote, akauliza, akamwambia arudie pale pa radhi, akaligonga muhuri chapisho la kwanza akiwa anajua lina nini. Alihisi kifua chepesi. Alisogeza kile kitabu, akaitoa barua ya kuthibitisha.

"Na hii ni yako," akasema.

"Nimalizie kutuma, mama." Bonjuu akabonyeza.

Jogoo akawika ndani ya mkoba wa Mama Ushahidi.

Aliwika kwa sauti ndefu, kama walivyo majogoo wanaojipenda, na chumba ni kidogo. Mama Ushahidi akaushika mkoba kwa mikono miwili. Bonjuu alitazama mkoba, akatazama skrini, ambapo orodha ya walioandikiwa ilikuwa bado wazi, fupi, majina machache tu.

"Inawezekana ni benki," Mama Ushahidi akasema.

Bonjuu akachagua jina moja la mwisho kwenye orodha, akabonyeza tena, kwa huyo peke yake.

Jogoo akawika tena.

Chini, duka la dawa walikuwa wanafungua madirisha ya chuma, moja baada ya jingine.

"Huyu mkunga," Bonjuu akasema taratibu, "nilimshangaa. Cheti hakuambatisha, na Kifaransa chake kilikuwa cha mwalimu mzee. Nikasema hata hivyo ajibiwe vizuri, pengine hana mtu wa kumsaidia." Akanyanyua macho. "Ulikuwa unanipima, mama?"

Mama Ushahidi angeweza kusema uongo. Alikuwa na uongo wa kutosha akilini, wa aina mbili tatu. "Nilikutilia shaka," akasema. "Nilidhani unawafukuza kwa ajili ya dada yako. Nimekosa, mwanangu. Naona haya."

Bonjuu akaitikia kwa kichwa. Hakulia, hakupandisha sauti. Aliichukua ile barua ya kuthibitishwa kazini, akaisoma yote, mpaka saini. Kisha akaivuta mihuri, akaigonga barua muhuri wa kupokelewa, akatafakari, akaigonga na wa kusomwa. Akaikunja na kuitia kwenye pochi yake.

"Nimekiri kupokea," akasema. "Ninashukuru kwa kuvutiwa na mimi. Jambo hili nitalipitia."

"Utanijibu lini?"

Bonjuu alikuwa ameshavaa pochi begani na anaelekea mlangoni, ingawa ilikuwa bado asubuhi. Aligeuka kwa adabu, kama alivyokuwa akigeuka siku zote anapoongea na mtu mzima.

"Usiposikia kutoka kwangu ndani ya wiki tatu, mama, hesabu kuwa nimekataa."

Akafunga mlango polepole. Mama Ushahidi akasikiliza hatua zake zikishuka ngazi hadi zikapotea kwenye kelele za duka la dawa. Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa Metroni, akitaka kujua kama wakunga wa Kifaransa watatokea safari hii. Mama Ushahidi akamwambia hajui, wameandikiwa, kilichobaki ni kusubiri. Kisha akaitoa simu ya pili mkobani, akaiweka juu ya meza, mahali atakapoisikia.